Afande, Naomba Uniandikie

Kwa sisi tunaokaa Kunduchi, Barabara ya Bagamoyo ndiyo mlango wa kwenda chuoni. Ukitoka Mtongani na pikipiki au gari la kuazima, unapita Afrikana, Tangi Bovu na Lugalo mpaka Mwenge, na mahali fulani hapo katikati kuna afande wa sare nyeupe kasimama pembeni. Siku atakayonyoosha mkono ukiwa wewe ndiye dereva itafika tu. Na nimegundua wanachuo tukisimamishwa tunagawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni wabishi. Injini haijazimwa, jamaa ameshaanza: "Kosa langu nini? Kifungu gani? Mimi ni mwanachuo, sheria naijua." Kundi la pili ni waombaji. "Afande nisaidie, mimi mwanafunzi, bumu halijatoka, nina pepa saa nne." Kwa nje wanaonekana tofauti kabisa, ila mimi naona wanafanya jambo lile lile. Wote wawili wanataka yaliyotokea barabarani yaishie kwenye maneno kati ya watu wawili, mmoja kwa ukali na mwingine kwa huruma. Na maneno matupu kando ya barabara, kati ya mwenye sare na mwenye haraka, huwa hayamwendei vizuri mwenye haraka.

Hoja yangu ni kwamba ipo njia ya tatu, na ndiyo yenye adabu kuliko zote mbili. Sentensi yake ni fupi: "Afande, kama ni kosa, naomba uniandikie." Ukiisema kwa sauti ya kawaida baada ya salamu, haina ubishi wala unyonge ndani yake. Unachoomba ni kitu kilichomo kwenye sheria. Lakini ili uweze kuisema bila kutetemeka unahitaji kujua mambo matatu: karatasi utakayopewa ni kitu gani, hela inakwenda wapi, na wewe mwenyewe ulitakiwa kutoka geto na nini mfukoni.

Tuanze na karatasi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973 na imerekebishwa mara kadhaa. Inampa askari nafasi ya kumwandikia dereva taarifa ya kosa badala ya kumburuza mahakamani kwa kila jambo dogo. Ukikubali kosa unalipa faini iliyopangwa na mambo yanaishia hapo. Zamani ilikuwa fomu ya kuandikwa kwa mkono. Siku hizi trafiki anakuwa na mashine ndogo ya mkononi: anaingiza namba ya chombo na kosa, kisha inatoka karatasi nyembamba kama risiti ya duka. Ndiyo maana mtaani hatusemi "nimetozwa faini", tunasema "nimeandikiwa".

Angalia vizuri hilo neno "ukikubali". Karatasi ile siyo hukumu. Ni kama serikali inakwambia: tunaamini umekosa, ukikubali lipa kiasi hiki tusisumbuane. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inasema mtu hatatendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa amelitenda. Kwa hiyo kama unaamini kabisa hukutenda, una haki ya kusema hukubali na jambo liende mahakamani. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu haki hiyo ina gharama zake na watu wanaitangaza kama vile ni ya bure.

Kiasi chenyewe hakitegemei afande ameamkaje. Kabla ya bajeti ya mwaka 2021/22 kosa moja lilikuwa shilingi 30,000, iwe gari au pikipiki. Bajeti hiyo ilishusha faini ya pikipiki na bajaji mpaka 10,000, magari yakabaki kwenye 30,000. Hesabu inakwenda kwa kosa. Ukipakia mshikaki na huna leseni, hayo ni makosa mawili, na karatasi inaweza kuonyesha yote mawili. Hivyo ukiwa na pikipiki na unatajiwa kosa moja halafu unasikia "elfu thelathini", una sababu ya kuuliza kwa upole, "Samahani afande, ni makosa mangapi?" Swali hilo peke yake linarudisha mazungumzo kwenye mstari.

Sasa hela. Karatasi ina namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Unalipa kwa simu kwenye menyu ya malipo ya serikali, kwa wakala, au benki. Afande hapokei noti mkononi. Hapa ndipo penye kipimo rahisi kuliko vyote, na ningependa kila anayesoma ukurasa huu akishike. Kabla ya kuingiza namba ya siri, simu inakuonyesha unamlipa nani. Ukilipa kwa kontroo namba utaona ni malipo ya serikali. Ukiona jina la mtu na namba ya simu ya kawaida, ujue hiyo siyo faini, ni zawadi, na haitafuta deni lolote. Kesho mashine nyingine ikiingiza namba yako ya pikipiki haitaikuta hiyo zawadi popote.

Na hapo ndipo kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute: deni linafuata chombo. Mashine inaandika namba ya usajili, ile ya kwenye bamba. Ukiendesha pikipiki ya binamu yako ukaandikiwa, halafu ukakaa kimya, siku ambayo binamu atasimamishwa ndiyo siku atakayoambiwa anadaiwa. Na ukichelewa kulipa kiasi kinaongezeka. Kuna undugu umeharibika kwa sababu ya karatasi iliyokunjwa ikasahaulika kwenye suruali ya jinsi.

Ngoja nieleze kwa mfano wa jamaa ninayekaa naye geto hapa Mtongani. Alikuwa amechangiwa na kaka zake, akaongeza alichobakiza kwenye bumu, akatafuta pikipiki ya mkononi ya kumsaidia kwenda chuo na kurudi. Akapata moja huko Tegeta, bei nzuri, injini inaunguruma vizuri, muuzaji mcheshi. Kabla ya kutoa hela tulifungua ukurasa wa Jeshi la Polisi wa kuangalia madeni, ambao kila mtu mwenye simu ya intaneti anaufikia:

```
tms.tpf.go.tz
```

Unaingiza namba ya usajili, kwa pikipiki ni ile inayoanza na MC, na unaona kama chombo kinadaiwa. Hiyo pikipiki ilikuwa na makosa manne ambayo hayajalipwa. Kwa 10,000 kila moja, ni 40,000 kabla hata ya kuhesabu ucheleweshaji. Muuzaji akasema, "Aa, hayo ya zamani, yanajifuta." Hayajifuti. Jamaa yangu hakugombana naye. Alimwambia tu, "Kaka, lipa hayo kwanza, tuangalie tena, ndiyo tuandikishane." Muuzaji akanung'unika, akalipa kwa simu pale pale. Tukaangalia upya, pakawa safi, wakaandika mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi. Kisha likafuata zoezi ambalo wengi wanaliruka: kuhamisha umiliki TRA, ili kadi isomeke jina lake. Bila hivyo wewe unaendesha, ila mbele ya sheria mwenye chombo ni yule mcheshi wa Tegeta.

Wiki chache baadaye mimi nilikuwa nyuma yake, wote tumevaa helmeti, tukasimamishwa baada ya mataa. Nitaeleza hatua kwa hatua, kwa sababu naona aliifanya vizuri.

Alisogea pembeni kabisa, akazima injini, akavua helmeti ili uso uonekane. Hakushuka akamfuata askari. Alisubiri afike. "Shikamoo afande, habari za kazi." Yule afande alikuwa mtu mzima, shikamoo ilimfaa. Angekuwa kijana wa rika letu, "habari za kazi, afande" ingetosha. Afande akaomba leseni. Jamaa akasema kwanza, "Iko kwenye pochi, naitoa," ndipo akaingiza mkono mfukoni. Inaonekana kitu kidogo, lakini mtu anayefanya kazi ya kusimamisha watu asiowajua siku nzima anapenda kujua mkono wako unakwenda wapi.

Akatoa leseni na kopi ya kadi. Afande akasema umepita taa nyekundu. Jamaa akauliza swali moja tu, "Ilikuwa imeshawaka nyekundu nilipovuka mstari, afande?" Afande akasema ndiyo, akaeleza alikuwa amesimama wapi na aliona nini. Jamaa akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa. Basi naomba uniandikie." Hakukuwa na hadithi ya pepa wala ya bumu.

Afande alipokuwa anaingiza namba, jamaa alimsomea kwa sauti herufi za mwisho za bamba, moja moja. Ikawa kheri, kwa sababu kulikuwa na herufi moja imeingia tofauti. Ikarekebishwa kabla ya karatasi kutoka. Fikiria ingetoka vile vile: yeye angelipa akijua kamaliza, kumbe amelipa deni la pikipiki ya mtu mwingine kabisa. Karatasi ilipotoka aliisoma yote akiwa bado pale pale: namba ya chombo, kosa lililoandikwa, tarehe na mahali, kiasi, na namba ya malipo. Vyote vilikuwa sawa na alichoambiwa. Akashukuru, tukaondoka. Jioni alilipa 10,000, akapiga picha ujumbe wa malipo, na siku iliyofuata akaangalia ule ukurasa kuhakikisha deni limetoka.

Sasa najua wapo watakaosema, "Wewe mtoto wa elimu unatuhubiria. Mtaani tunamalizana kwa buku tano, faini ni kumi, nani mjinga?" Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa hesabu, kwa sababu ni hoja ya hesabu.

Wakati faini ya pikipiki ilipokuwa 30,000, tofauti ilikuwa kubwa na kishawishi kilikuwa kikubwa, sikatai. Leo tofauti ni 5,000. Kwa hiyo 5,000 unayookoa unanunua nini? Hununui risiti. Hununui kufutwa kwa kosa, maana kama huna leseni pale Afrikana, Lugalo bado huna leseni. Unanunua pia kosa jipya, zito kuliko la kwanza: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inambana anayetoa sawa na anayepokea. Yaani umeingia na kosa la barabarani la elfu kumi, unatoka na kosa la jinai ambalo mwalimu mtarajiwa, mhasibu mtarajiwa au daktari mtarajiwa hawezi kulieleza mbele ya mwajiri yeyote. Kwa gari lenye faini ya 30,000 najua hesabu inauma zaidi. Bado jibu ni lile lile, ila sitajifanya haliumi.

Kuna jambo jingine kwenye lugha ya kuomba. Ukisema "afande nisaidie, tuongee", wewe ndiye uliyefungua duka. Huenda afande mwenyewe alikuwa hana mpango huo. Na kama alikuwa nao, umemrahisishia. Lakini ukisema "naomba uniandikie", umefunga duka bila kumtuhumu mtu. Mtu mwenye nia njema anaandika. Mwenye nia nyingine anajikuta hana pa kuanzia, na mara nyingi anakuachia kwa onyo. Ndiyo maana naiita sentensi yenye adabu. Inamheshimu kwa kumchukulia kama mtumishi anayefanya kazi yake.

Itakuwaje kama hataki kuandika na wala hataki kukuachia? Hapo usipandishe sauti, wala usimsogezee kamera ya simu usoni. Angalia saa, kumbuka mahali, na soma jina au namba iliyo kwenye sare yake. Kisha sema, "Afande, kama itakuwa ngumu hapa, mimi niko tayari twende kituoni tukaandikiane huko." Kituoni kuna mkuu wa zamu, na kuna kitabu. Kama umeombwa hela waziwazi, TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Utapoteza muda, ndiyo. Lakini muda huo unakuwa umeandikwa mahali.

Nilisema nitarudi kwenye kukataa kosa. Nimewasikia wanachuo wakishauriana kana kwamba kukataa ni ujanja: "Kataa tu, watachoka." Siyo hivyo. Ukikataa maana yake unataka mahakama isikilize, na utatakiwa uende, labda zaidi ya mara moja, siku ambazo huenda una semina au uko kwenye mazoezi ya kufundisha. Kwa kosa la mwendokasi trafiki anakuwa na picha ya tochi inayoonyesha chombo na mwendo. Kwenye maeneo ya makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na picha ikionyesha 68 utabishana na nini? Unaweza kuomba kuiona picha, na ni vizuri uombe: je, ni gari lako kweli, na saa inalingana? Ikiwa siyo lako, una sababu ya kukataa. Ikiwa ni lako, lipa. Kipimo changu ni hiki: kataa pale tu ambapo ungeweza kumweleza hakimu kwa sentensi tatu kwa nini hukutenda. Kama sentensi zako zote tatu zinaanza na "lakini", umekosa.

Tumalizie na mfukoni, maana sentensi ya kuomba kuandikiwa haina nguvu kama makosa yako ni ya kujitakia.

Cha kwanza ni leseni, na siyo leseni tu, ni daraja lake. Hapa wanachuo wengi wanaanguka. Mtu amesoma udereva wa gari wakati wa likizo, amepata leseni yenye daraja B au D, anaona sasa yeye ni dereva, anapanda pikipiki. Madaraja hayo hayahusu pikipiki. Pikipiki ni daraja A na ndugu zake, A1 mpaka A3. Igeuze leseni yako uangalie herufi zilizoandikwa. Kama A haimo, basi kwa pikipiki huna leseni, hata kama kadi yako inang'aa. Pia angalia tarehe ya mwisho. Leseni sasa inadumu miaka 5 na ada yake ni 70,000, na kwa kuwa miaka mitano ni mingi kuliko muda wetu wa chuo, watu wanasahau kabisa kwamba inaisha. Ile ya kujifunzia ni ya miezi mitatu tu, na hairuhusu kwenda peke yako Mwenge.

Cha pili ni kadi ya chombo. Beba kopi, halisi ibaki nyumbani mahali pakavu. Kama chombo ni cha ndugu, beba na namba yake ya simu, na ikiwezekana karatasi fupi yenye sahihi yake kwamba amekuazima. Trafiki anayeuliza "hii ni ya nani?" anatafuta pikipiki za wizi, na kumjibu kwa karatasi ni haraka kuliko kumjibu kwa maelezo.

Cha tatu ni bima. Wengi bado wanatafuta stika ya karatasi, wakati bima siku hizi inasomeka kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya usajili. Uzuri ni kwamba hata wewe unaweza kuihakiki kwenye simu yako kabla ya kuwasha injini:

```
tiramis.tira.go.tz
```

Fanya hivyo siku uliyokata bima. Kama umelipa kwa wakala wa mtaani na jina la chombo chako halionekani, umeuziwa karatasi. Bora ulijue ukiwa geto kuliko ulijue mbele ya afande, au vibaya zaidi, mbele ya mtu uliyemgonga.

Na kama unafanya bodaboda baada ya vipindi ili usukume siku, jua kwamba kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni ya usafirishaji, ile ya LATRA, juu ya ile ya udereva. Helmeti ni mbili, yako na ya abiria. Hilo nalo ni kosa linalojitegemea.

Kuna kitu kimoja ambacho hakimo kwenye orodha hii na watu hukitoa kwanza: kitambulisho cha chuo. Kinasema unasoma wapi. Hakisemi kama unajua kuendesha. Ukimkabidhi afande kitambulisho cha chuo alipoomba leseni, umeshaanza kuomba huruma bila kufungua mdomo. Kwa kujitambulisha wewe ni nani, kitambulisho cha Taifa ndicho chenye uzito. Na kama kadi yako haijatoka, namba yako ya NIDA, tarakimu zake 20 zinazoanza na mwaka wako wa kuzaliwa, iwe imehifadhiwa kwenye simu na kwenye karatasi ndani ya pochi. Simu huzima chaji.

Upande wa pili, kuna kitu wengine wanasumbuliwa nacho bure. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile iliyokuwa na stika yake ya kubandika kwenye kioo, ilifutwa kwenye bajeti ya mwaka 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Ukiendesha gari la mjomba na mtu akakwambia inakosekana stika hiyo, mjulishe kwa heshima kwamba ilishafutwa. Hapa kujua mwaka kunasaidia kuliko kupaza sauti.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, fanya mambo mawili. Geuza leseni usome daraja na tarehe. Kisha ingiza namba ya chombo unachokitumia, hata kama cha kuazima, kwenye ule ukurasa wa madeni. Ukikuta deni ulilosababisha wewe, lilipe kabla mwenye chombo hajaambiwa na afande barabarani.